Dakika ya 23:27: kumbukumbu za usiku GitLab ilipofuta kanzidata yake

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilifuta kwa mkono wake sehemu kubwa ya kanzidata inayoendesha tovuti yake ya GitLab.com. Kosa lenyewe halikuwa la ajabu, kwani watu wengi wanaoshughulika na seva wamewahi kulifanya au wamenusurika kulifanya. La ajabu lilikuwa jambo jingine. Timu iliyokuwa ikipambana na dharura hiyo iliandika kumbukumbu zake, mstari kwa mstari na saa kwa saa, katika waraka wa Google Docs uliokuwa wazi kwa dunia nzima. Mteja aliyekuwa Dodoma au Dublin aliweza kusoma kilichotokea, nani alifanya nini, nini kilishindikana na nini kinafuata, huku kazi ikiendelea.

GitLab.com ni mahali ambapo waandishi wa programu huhifadhi msimbo wao, hujadili dosari na hupeana kazi. Msimbo wenyewe hukaa sehemu moja. Majina ya watumiaji, maoni, orodha za miradi na maombi ya mabadiliko hukaa kwenye kanzidata. Kanzidata hiyo ndiyo iliyoguswa. Msimbo haukupotea, na kampuni zilizokuwa zimejifungia GitLab kwenye seva zao wenyewe hazikuathirika.

Makala nyingi zimeandikwa kuhusu usiku ule, na nyingi zinaishia kwenye amri moja iliyofuta folda. Naona kuna la kujifunza zaidi katika zile kumbukumbu. Ripoti ya baadaye hutueleza kilichokuwa kweli. Kumbukumbu za papo hapo hutueleza watu walidhani nini kabla hawajajua ukweli, na dharura huendeshwa kwa yale watu wanayodhani. Kwa hiyo tuzisome kwa utaratibu, kisha tuone zinamdai nini mtu atakayeandika kumbukumbu kama hizo kazini kwake.

Usiku wenyewe

Saa zote za waraka ule ni za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Alasiri, mhandisi mmoja aliyekuwa Uholanzi alikuwa akijaribu mpangilio mpya wa kanzidata kwenye mazingira ya majaribio. Alihitaji data ya karibuni, basi saa 17:20 akachukua kwa mkono picha ya diski ya kanzidata halisi. Picha za namna hiyo zilikuwa zikichukuliwa zenyewe mara moja kwa siku, ila yeye hakutaka kusubiri. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo wakati ule, wala hapakuwa na sababu ya kulitilia maanani.

Jioni, mzigo wa kanzidata ukapanda. Kumbukumbu zinasema ni watumiaji taka: timu ikazuia anwani zao, ikafuta akaunti zilizokuwa zikimwaga matangazo, na ikaondoa akaunti moja iliyokuwa ikitumiwa na anwani 47,000 za intaneti, kwa sababu mwenyewe alikuwa amegeuza hifadhi yake ya msimbo kuwa ghala la kusambazia mafaili.

Mzigo huo ukazaa tatizo la pili. GitLab ilikuwa na seva mbili za kanzidata. Seva kuu ilipokea kazi zote, na seva ya pili ilikuwa ikifuata nyuma, ikinakili kila badiliko ili ishike nafasi endapo ya kwanza itaanguka. Majina yao kwenye skrini yalikuwa haya:

```
db1.cluster.gitlab.com
db2.cluster.gitlab.com
```

Ya kwanza ndiyo iliyokuwa seva kuu. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba saa 22:00 kengele ililia: seva ya pili ilikuwa imeachwa nyuma kwa takriban gigabaiti 4. Seva kuu huweka mabadiliko yake katika mafaili yanayoitwa WAL, na mafaili ya zamani hufutwa ili nafasi isijae. Seva ya pili ilikuwa imechelewa kiasi kwamba mafaili iliyoyahitaji yalikuwa yamekwisha kufutwa, na kampuni haikuwa ikiyatunza popote pengine. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kufuta data yote ya seva ya pili na kuinakili upya kutoka seva kuu kwa programu ya `pg_basebackup`.

Hapo ndipo usiku ulipoanza kuwa mrefu. Data ya seva ya pili ikafutwa, sawasawa na utaratibu. Programu ikalalamika kwamba seva kuu hairuhusu viunganisho vya kutosha vya kunakilia. Mhandisi akaongeza kikomo hicho na kuiwasha upya kanzidata, nayo ikakataa kuwaka, ikidai rasilimali nyingi mno za mfumo. Akashusha idadi ya juu ya viunganisho vya kawaida kutoka 8,000 hadi 2,000, ikawaka. Kumbukumbu zinataja kwamba 8,000 ilikuwa imetumika kwa karibu mwaka mzima bila shida. Baada ya hayo yote programu ya kunakili ikaacha kulalamika, lakini haikufanya lolote. Ilikaa kimya.

Katikati ya mistari ya kiufundi, waraka una mstari wa kibinadamu. Unasema kwamba hapa ndipo mhandisi alipoanza kukereka, na kwamba mapema usiku ule alikwisha kusema anataka kufunga kazi kwa kuwa muda umekwenda, ila akabaki kwa sababu ya tatizo la kunakili.

Kisha mhandisi akadhani programu inagoma kwa sababu folda ya data kwenye seva ya pili, ingawa ni tupu, ipo. Akaamua kuiondoa folda hiyo. Baada ya sekunde moja au mbili akatambua kwamba dirisha alilokuwa akiandikia lilikuwa la `db1`. Alikuwa akifuta seva kuu. Saa 23:27 akaisimamisha amri. Kati ya takriban gigabaiti 310 zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Saa kamili na saa ya kukadiria

Ukiutazama waraka ule kwa makini utaona kwamba saa zake haziko za namna moja. Mstari wa kuondoa folda umeandikwa kuwa ni takriban saa 23:00. Mstari wa kusimamisha amri umeandikwa 23:27, bila takriban. Kati ya mistari hiyo miwili zimepita sekunde moja au mbili tu, kwa maelezo ya waraka wenyewe.

Maana yake ni wazi kwa yeyote aliyewahi kusoma kumbukumbu za namna hii. Saa ya kukadiria iliandikwa baadaye, kwa kukumbuka. Saa yenye dakika iliandikwa au ilisomwa mahali fulani, kwa kuwa kuanzia hapo watu walijua kwamba wamo ndani ya maafa na kila kitu kitaulizwa. Mistari yote ya kabla, kuanzia mzigo wa jioni hadi kengele ya seva ya pili, ina saa za mviringo: 21:00, 22:00. Baada ya 23:27 zinaanza 00:36, 00:55, 01:05, 01:18, 01:58. Kumbukumbu halisi zilianza wakati madhara yalikwisha kufanyika.

Jambo hili lina uzito katika uchunguzi. Ripoti rasmi iliyotolewa baadaye iliweka kupanda kwa mzigo kwenye saa 19:00 hivi na kukwama kwa seva ya pili kwenye saa 23:00 hivi. Waraka wa usiku ulisema 21:00 na 22:00. Tofauti ya saa moja au mbili si ya kumlaumu mtu. Kichwa kilichochoka hakina dakika ndani yake. Lakini mchunguzi anayetaka kujua kama tukio la kwanza lilisababisha la pili hawezi kujenga juu ya saa zinazohama. Itabidi arudi kwenye kumbukumbu za mashine, ambazo hazichoki.

Somo la kwanza basi ni kwamba kumbukumbu zianze kengele inapolia, si maafa yanapothibitika. Saa 22:00 tatizo la GitLab lilionekana dogo: seva ya akiba imechelewa, tovuti inafanya kazi, wateja hawajui lolote. Hapo ndipo mistari mitano tu ingetosha. Na pale ambapo saa inakadiriwa, ioneshwe kuwa inakadiriwa, kama walivyofanya wao kwa uaminifu. Mtu akigeuza takriban 23:00 kuwa 23:00 kamili kwa ajili ya usafi wa waraka, amemdanganya msomaji wa kesho.

Neno lenye thamani kuliko yote

Ripoti nyingi za ajali hutuambia mtu alifanya nini. Waraka wa GitLab ulifanya zaidi: uliandika kwamba mhandisi alidhani folda ndiyo kikwazo. Neno hilo la kudhani ndilo lililofungua uchunguzi wote.

Bila dhana hiyo, tendo linabaki kuwa uzembe: mtu kafuta folda asiyopaswa kuifuta. Ukiijua dhana, unaweza kuuliza maswali yenye majibu. Kwa nini alidhani hivyo? Kwa sababu programu ilikuwa kimya. Kwa nini ilikuwa kimya? Baadaye ikajulikana kwamba haikuwa imekwama hata kidogo. `pg_basebackup` ilikuwa ikisubiri seva kuu ianze kutuma data, na wakati huo wa kusubiri haiandiki chochote kwenye skrini, hata ukiiomba ieleze kila hatua. Mhandisi mwingine wa kampuni hiyohiyo alilijua hilo, ila hakuwepo zamu usiku ule. Maelekezo ya ndani hayakulitaja.

Tazama mnyororo unavyojitokeza. Programu ilikuwa ikifanya kazi yake. Ukimya wake ukasomwa kuwa ubovu. Ubovu ukatafutiwa dawa ambayo haikuhitajika. Dawa hiyo ikatumiwa kwenye seva isiyo yake. Kiungo cha mwisho ndicho kilichotajwa na magazeti, lakini ukikiondoa hicho peke yake unabaki na timu ambayo wiki ijayo itafuta kitu kingine kwa sababu ya ukimya uleule.

Dhana nyingine iliyoandikwa usiku ule ni ile ya watumiaji taka. Ilikuwa na ukweli, ila haikuwa ukweli wote. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba sehemu ya mzigo ilitokana na kazi ya chinichini iliyokuwa ikifuta akaunti ya mfanyakazi wa GitLab pamoja na data yake yote, baada ya mtu mwenye nia mbaya kuiripoti kuwa inatumika vibaya. Timu haikulijua hilo. Kumbukumbu ziliandika kile kilichoonekana, ripoti ikasahihisha, na zote mbili zinahitajika. Kosa kubwa la watunza kumbukumbu ni kurudi nyuma na kurekebisha mstari wa saa 21:00 kwa maarifa ya kesho yake. Mstari uliokosea ukiachwa, unaonyesha timu ilikuwa ikitazama wapi na kwa nini haikutazama kwingine. Sahihisho liwekewe mstari wake na saa yake.

Kwa hiyo kila mstari wa kumbukumbu za dharura una mojawapo ya sura tatu: tumeona, tunadhani, tumefanya. Waandishi wengi huchanganya ya kwanza na ya pili. Wanaandika "seva ya pili imekwama", ilhali walichoona ni kwamba skrini haijatoa neno kwa dakika kumi. Mtu mwingine akisoma "imekwama" atatafuta namna ya kuikwamua. Akisoma "haijatoa neno kwa dakika kumi" anaweza kuuliza: je, hutoa neno wakati gani? Swali hilo moja, likiulizwa kabla ya 23:27, huenda lingebadilisha usiku mzima.

Akiba tano, na iliyookoa

Baada ya seva kuu kufutwa, swali likawa moja: nakala ziko wapi? Sehemu hii ya waraka ndiyo iliyouma zaidi, na timu haikuificha. Waliorodhesha njia zao zote za kuhifadhi data, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila moja wakaandika walichokuta.

Seva ya pili ilikuwa tupu, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wameifuta saa iliyotangulia ili kuianza upya. Picha za diski za mtoa huduma wa seva, ambaye ni Azure ya Microsoft, zilikuwa zimewashwa kwa seva za mafaili lakini si kwa seva za kanzidata. Nakala kamili ya kila siku, iliyopaswa kutumwa kwenye ghala la S3 la Amazon, haikuwepo. Ghala lilikuwa tupu.

Hii ya mwisho inastahili kuelezwa, kwa sababu ni aina ya kasoro inayoweza kuwa imelala mahali popote. Kanzidata ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6. Programu ya kutoa nakala, `pg_dump`, ilikuwa ikiendeshwa kwenye seva nyingine isiyo na kanzidata ndani yake. Mfumo wa ufungaji ulichagua toleo la programu kwa kutazama folda ya kanzidata. Usipoiona, ulichukua toleo la 9.2. Na `pg_dump` ya zamani hukataa kunakili kanzidata mpya kuliko yenyewe. Basi kila siku kazi ilianza, ikashindwa, ikaisha. Ilipokuwa ikishindwa ilituma barua pepe ya onyo, lakini barua hizo hazikuwa zimetiwa saini inayotakiwa na kanuni za DMARC zinazozuia barua za kughushi, hivyo zilikataliwa na seva ya kupokea. Kushindwa kulikuwepo, na onyo lilikuwepo, ila halikuwahi kumfikia mtu.

Wahandisi waliandika hitimisho lao bila kulipamba: katika njia tano za akiba na kunakili walizokuwa nazo, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kwa uhakika, au iliyokuwa imefungwa ipasavyo tangu mwanzo. Kilichobaki ni ile picha ya diski ya saa 17:20, iliyochukuliwa kwa ajili ya jaribio. Isingekuwa hiyo, wangerudi kwenye picha ya kawaida ya siku, ambayo ilikuwa na umri wa takriban saa 24. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa akilifungua kuona kama limeandikwa kitu.

Orodha hiyo ya akiba ndiyo sehemu ya kumbukumbu ambayo kila timu inaweza kuinakili leo, bila dharura yoyote. Andika kila njia ya akiba, kisha mbele yake andika mambo mawili: lini mara ya mwisho mtu alirejesha data kutoka humo, na ilichukua muda gani. Neno "imewashwa" lisikubaliwe kuwa jibu.

Asilimia hamsini zilizopotosha

Saa 00:36 walianza kuinakili data ya seva ya majaribio ili wasije wakaipoteza nayo. Saa 01:18 walifunga mabaki ya seva kuu katika faili moja na kuyaweka kando, kwa ajili ya uchunguzi. Saa 01:58 kazi ya kurudisha data kutoka majaribio kwenda seva kuu ikaanza. Kabla ya hapo palikuwa na uamuzi mwingine, ambao nauona kuwa bora kuliko yote ya usiku ule: mhandisi aliyefuta seva alisema haifai yeye aendelee kutumia amri zenye mamlaka makubwa siku hiyo, akamkabidhi mwenzake urejeshaji. Nao ukaandikwa. Makabidhiano yakiandikwa, hakuna anayebaki akidhani kwamba usukani bado uko kwa fulani.

Kisha zikaja saa ndefu za kusubiri. Saa 03:00 waraka ulisema kazi imefikia kama asilimia 50. Saa 04:00 ikawa asilimia 56.4. Saa 07:00 ikawa kama 73. Msomaji wa saa 03:00, akiona nusu imekwisha kwa saa moja, angetarajia huduma kurudi kabla ya mapambazuko ya Ulaya. Lakini asilimia hizo zilihesabiwa kwa idadi ya mafaili, si kwa ukubwa wake. Mafaili madogo hupita upesi, makubwa hukaa njiani. Waraka ulieleza hivyo, na ulieleza kikwazo chenyewe: diski za majaribio zilikuwa za daraja la chini, zikibanwa kwenye kasi ya megabiti 60 kwa sekunde.

Hesabu yake ni nyepesi. Gigabaiti moja ni megabiti 8,000. Gigabaiti 310 kwa kasi ya megabiti 60 kila sekunde ni zaidi ya saa 11, endapo hakuna kinachosimama njiani. Kipimo hicho kingemfaa mteja kuliko asilimia. Mwishowe kunakili kulichukua muda mrefu zaidi ya huo, na tovuti ilirejea kwenye saa 18:00 za UTC, tarehe 1 Februari. Kabla ya kufungua milango waliongeza 100,000 kwenye namba zote za mfuatano ndani ya kanzidata, ili mradi au maoni mapya yasipewe namba iliyokwisha kutumika na kitu kilichopotea. Yaliyofanywa na wateja kati ya 17:20 na usiku wa manane yalipotea: angalau miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya kama 700, kwa makadirio ya kampuni.

Wakati huo wote wahandisi walikuwa wakionyesha kazi yao moja kwa moja kwenye YouTube, na watazamaji walifika hadi 5,000 hivi kwa pamoja. Uwazi huo uliwaletea heshima, ila una gharama ambayo mtunza kumbukumbu lazima aijue. Mhandisi aliyefanya kosa alitajwa kwa herufi za jina lake ndani ya waraka, na dunia nzima ikamtafuta. Taarifa ya baadaye ya kampuni iliondoa hata herufi hizo na kumwita mwanatimu namba moja. Ndivyo inavyofaa tangu mwanzo: waraka wa ndani uwe na majina, kwa kuwa lazima ijulikane nani ameshika nini, waraka wa nje uwe na nafasi za kazi.

Mstari mmoja unavyopaswa kuwa

Tukirudi kazini kwetu, kwenye benki, hospitali, kampuni ya simu au ofisi ya maji, maswali matano yatosha kwa kila mstari: saa ngapi, nani, kwenye mashine au mahali gani, ameona au anadhani au amefanya nini, na lini tutaangalia tena. Swali la tatu ndilo lililokosekana kwa GitLab. Mistari ya kabla ya 23:27 inataja seva, lakini hakuna mahali ambapo mtu alilazimika kutamka, kabla ya kufuta, kwamba niko kwenye seva fulani na nakaribia kufuta kitu fulani. Timu yenyewe ilitambua hilo usiku uleule, ikaandika kwenye orodha ya kazi kwamba madirisha ya amri yaoneshe jina kamili la seva, na yawe na rangi: nyekundu kwa seva halisi, njano kwa majaribio. Rangi inasaidia. Ila `db1` na `db2` zote zilikuwa seva halisi, na zote zingekuwa nyekundu. Kinachotenganisha seva mbili za rangi moja ni mtu kusoma jina kwa sauti na mwingine kuliandika kabla ya kitufe kubonyezwa.

Ndiyo maana mwandishi asiwe mtu yuleyule anayetengeneza. Kazi ya mwandishi si ukarani tu. Ndiye mtu pekee chumbani ambaye mikono yake haiko kwenye tatizo. Anapouliza "unafanya hivyo kwenye seva ipi, niandike?", amempa mtengenezaji sekunde tatu za kutazama tena. Timu ndogo isiyo na mtu wa ziada imweke hata mtu wa huduma kwa wateja. Hahitaji kujua PostgreSQL ili kuuliza swali hilo.

Kwetu sisi kuna tahadhari ya ziada kuhusu saa. Mafundi wetu wakizungumza husema saa tatu wakimaanisha 09:00 au 21:00, mashine husema 06:00 kwa UTC, na ujumbe wa simu husema 09:00. Dharura ikipita usiku wa manane, tarehe nayo hugawanyika. Makosa ya saa sita au saa tatu huingia kwenye waraka kirahisi mno, na yakishaingia hakuna anayeweza kuyatoa kwa uhakika. Chagueni mfumo mmoja kabla ya dharura, tarakimu za saa 24 zikiambatana na tarehe, na iandikwe juu ya ukurasa ni saa za wapi. Mdomoni semeni mpendavyo. Kwenye karatasi iwe moja.

Kumbukumbu hizi zina mipaka. Hazizuii mtu kuchoka, na hazingeweza kulijaza lile ghala tupu la S3. Zinachofanya ni kuilazimisha timu itenganishe inachokiona na inachokidhani wakati bado kuna nafasi ya kugeuza uamuzi, na kumwachia mchunguzi wa kesho dhana zenyewe zikiwa hazijasafishwa. GitLab waliweza kueleza kisa chao hadi kwenye toleo la 9.2 la programu moja kwa sababu waliandika kilichowatatiza kilipokuwa kikiwatatiza. Timu ambayo kengele yake italia usiku wa leo inaweza kuanza kwa mstari wa kwanza tu: saa, jina, mashine, tulichoona. Halafu dakika kumi baadaye, wa pili.